Mwanangu, Walala Usiku?

(Video ya simu, dakika kama nne. Kamera imekaa kwenye kigoda kibarazani, Majengo, Mombasa, jioni. Mama aliyeisimamia video anaongea mwenyewe. Hakuna muziki wa kuhuzunisha.)

Asalam aleikum, habari za jioni. Leo nimekaa hapa barazani kwetu nizungumze na nyinyi jambo la ndani, la kaka yangu. Yeye mwenyewe ameniruhusu, ameisikiza hii kabla sijarekodi, jina lake na sura yake tumeziacha.

(Picha ya karibu: ndara mbili mlangoni.)

Ndara zake zilikaa hapa mlangoni siku tisa hazijasogea. Yeye ni dereva wa tuktuk, saa kumi na moja alfajiri ashatoka kubeba watu wa feri, na sasa hatoki. Mamangu ampelekea chai, arudi saa sita aikute vilevile imeganda utando juu, na sisi twasema ati amekuwa mvivu, jirani akasema labda amerogwa, mwengine akatamka lile neno tulitamkalo ovyo, "kichaa", na pazia la chumba ni jembamba jamani, alisikia kila kitu.

Baadaye akaniambia: ugonjwa ulikuwa mzito lakini lile neno ndilo lililomfungia ndani. Alishafikiria kwenda hospitali, akaogopa kuonekana akitoka huko. Na mimi nilikuwa kati ya waliocheka. Nilimuomba radhi.

(Kamera imrudie msemaji.)

Aliyemfungua ni mama anayeuza mahamri hapo kona. Hakumpa mawaidha, hakumwambia jikaze wewe ni mwanamume. Alikaa naye mlangoni akamuuliza, "Mwanangu, walala usiku?" Bas. Akanyamaza akamngoja. Kaka yangu akalia, kisha akasema toka mwezi jana halali, na kuna usiku aona heri asiamke.

Hapo mama hakupiga kelele. Alimuuliza wazi, "wafikiria kujiua?" Sasa watu wengi twaogopa kuuliza hivyo, twadhani tutamtia wazo kichwani. Sivyo. Ukiuliza kwa upole humtii wazo, wampa nafasi ya kulitua. Mama hakumwacha peke yake siku ile, na kesho yake wakaenda hospitali pamoja na mamangu.

Kule daktari akaeleza ni dipresheni. Si huzuni ya siku moja ya kukosa pesa ya mafuta. Ni ile inayokaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, moyo mzito au kitu ulichokipenda hukitaki tena, usingizi umeharibika, chakula hakipiti, mwili umechoka na hujafanya kazi, wajiona huna faida. Na yatibika, kwa mazungumzo na mshauri, wengine kwa dawa, wengine vyote viwili. Dua tuliendelea nayo nyumbani na kliniki akaenda, hakuna aliyemlazimisha achague.

(Maandishi kwenye skrini: "Anaishi na dipresheni".)

Kwa hivyo nawaomba, tuseme "anaishi na dipresheni", "ana changamoto ya afya ya akili". Tuache "kichaa", "mwehu". Na aliyefariki kwa kujiua tuseme hivyo hivyo, amefariki kwa kujiua, tusimseme kama mhalifu. Hata sheria, tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema kile kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinachomfanya mtu aliyejaribu kujiua awe na kosa kinakwenda kinyume na katiba. Aliyefika hapo ahitaji matibabu na watu wa kumshika mkono.

Kaka yangu sahii arudi barabarani polepole, zamu ya asubuhi tu. Kuna siku bado nzito. Siku hizo atuambia, nasi twakaa naye.

(Nambari zitokee kwenye skrini moja moja, zikae sekunde tano kila moja, zisomwe polepole.)

Kama wewe unaesikiza ndiyo hali yako, au una mtu nyumbani, chukua kalamu.

Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199, kupiga ni bure.

Befrienders Kenya, 0722 178 177, hawa husikiza mtu aliyefikia kufikiria kujiua, na jamaa zake pia.

Mtoto, au wewe una wasiwasi na mtoto, 116, bure.

Ukitaka kuonana na mtu ana kwa ana, Hospitali ya Port Reitz kule Changamwe ina kitengo cha afya ya akili, na Coast General waweza kwenda pia. Zahanati ya karibu nawe ni mwanzo mzuri, mwambie nesi vile unavyojihisi, atakuelekeza. Na kama hatari iko sasa hivi, usimwache mtu peke yake, piga 999 au 112, au mpelekeni kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu.

Nambari zote nimeziandika hapo chini ya video. Ukiona shida kupiga mwenyewe, mpe simu mtu unaemuamini akupigie, ukae kando yake.