Ombi la Kupatiwa Wanagenzi Watatu wa Kuajiriwa katika Karakana ya Vyuma, Uyole

Karakana ya Vyuma na Mashine za Nafaka,
Uyole,
Jiji la Mbeya.

14 Januari 2026

Mkuu wa Chuo,
Chuo cha Mafunzo ya Ufundi Stadi VETA Mbeya,
MBEYA.

Ndugu Mkuu wa Chuo,

YAH: OMBI LA KUPATIWA WANAGENZI WATATU WA KUAJIRIWA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mmiliki wa karakana ndogo ya vyuma iliyopo hapa Uyole, kando ya barabara iendayo Tukuyu. Tuko mafundi sita. Tunatengeneza na kukarabati mashine za kusaga mahindi, za kukoboa mpunga na za kumenya kahawa, na wateja wetu wengi wanatoka Mbarali, Rungwe na Mbozi. Mageti na madirisha ya grili tunayatengeneza pia kazi za mashine zinapopungua, lakini kilichotujengea jina ni mashine za nafaka, na kwa ajili ya kazi hiyo ninakuandikia.

Ninaomba chuo chako kitupatie vijana watatu waliohitimu, ili tuwaajiri kama wanagenzi kuanzia Jumatatu, tarehe 2 Machi 2026. Wawili wawe wa fani ya uchomeleaji na uungaji vyuma, na mmoja awe wa ufundi mitambo au fani inayokaribiana nayo, mwenye moyo wa kufanya kazi ya kukereza. Ningependa wawe na tuzo ya Ngazi ya II, ingawa sitamkataa wa Ngazi ya I ambaye walimu wake wanamwamini. Tarehe hiyo nimeichagua kwa sababu mpunga wa Usangu huanza kuvunwa kwa wingi mwezi Mei, na kahawa ya Mbozi huanza kuchumwa wakati huohuo. Kijana akianza mwezi wa tatu atapata nafasi ya kuelekezwa kwa utulivu kabla wateja hawajapanga foleni mlangoni.

Sababu kubwa ya ombi hili ni fundi wetu wa lezi, ambaye sasa ana umri wa miaka 63 na ameniomba apunguziwe kazi ifikapo mwisho wa mwaka huu. Yeye ndiye anayekereza shafti, puli na bushi za mashine zote zinazopita hapa, na mengi anayoyajua hayamo katika kitabu chochote: namna ya kusikiliza kisu kikila chuma na kujua kuwa kimeanza kuwa butu, au namna ya kupima shafti iliyochakaa ili kujua kama inafaa kujazwa kwa kuchomelewa na kukerezwa upya au ni heri mteja anunue mpya. Mzee huyu yuko tayari kufundisha na anataka sana kufundisha. Itaniuma mno akiondoka kabla hajapata mtu wa kumwachia ujuzi huo, na hasara haitakuwa ya karakana yangu peke yake, kwa sababu wenye mashine wa vijiji vingi wanamtegemea.

Naomba nieleze kwa mfano mmoja aina ya kijana tunayemhitaji, ili walimu wapate kupendekeza kwa haki. Mashine ya kusaga ina nyundo za chuma zinazoning'inia kwenye rota na kuzunguka kwa kasi kubwa. Zikichakaa, fundi asiye makini hubadilisha zile zilizolika zaidi na kuziacha nyingine, kisha anawasha mashine, inasaga, mteja analipa na kuondoka. Baada ya wiki chache beringi zimekufa na fremu imepata ufa, kwa sababu nyundo nzito zilikaa upande mmoja na nyepesi upande wa pili. Hapa kwetu kila nyundo hupimwa kwenye mizani, na zinazotazamana huwekwa zenye uzito sawa. Kazi hiyo inachukua asubuhi nzima na haionekani kwa macho ya mteja. Kijana ambaye atapima nyundo ya mwisho kwa uangalifu uleule aliopima nao ya kwanza ndiye ninayemtafuta, hata kama hakuwa wa kwanza darasani.

Ndivyo ilivyo pia kwa shafti. Beringi namba 6208 inaingia kwenye shafti ya milimita 40, na tofauti ndogo kuliko unene wa karatasi inatosha kuifanya izunguke ovyo juu ya shafti au ikatae kuingia hadi ipigwe nyundo na kuharibika. Kwa hiyo kusoma venia na mikrometa bila kubahatisha ni jambo la lazima kwa kijana wa ufundi mitambo. Kwa wachomeleaji, naomba wawe wanajua kwamba uchomeleaji huanza kabla ya moto: kuondoa rangi, kutu na mafuta, kuchonga kingo za chuma kinene, na kushikiza kwa nukta ndogo za kuchomelea pande zote ili kazi isipinde. Mapungufu mengine tutayarekebisha pamoja huku kazini.

Ninafahamu kwamba vijana wengi wanaomaliza ufundi wamekwisha kutumiwa vibaya katika karakana za mitaani, wakiambiwa kuwa wanajifunza, na huku wakifagia na kubeba vyuma mwaka mzima kwa nauli tu. Sitaki mzazi yeyote awe na wasiwasi wa aina hiyo juu yetu, kwa hiyo masharti nayaandika hapa waziwazi. Kila mwanagenzi atapewa mkataba wa maandishi kwa Kiswahili, wa miezi kumi na miwili, na nakala moja italetwa chuoni. Atalipwa shilingi 280,000 kwa mwezi katika miezi sita ya mwanzo na shilingi 340,000 katika miezi sita inayofuata, na chakula cha mchana ni juu ya karakana. Ataandikishwa NSSF tangu mwezi wa kwanza, ambapo asilimia 10 itatoka kwenye mshahara wake na asilimia 10 italipwa na karakana, na tutamchangia katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi bila kumkata chochote. Akimaliza mwaka na kazi yake ikiridhisha, ataajiriwa kama fundi kwa mshahara usiopungua shilingi 420,000. Asiyeridhisha ataelezwa mapema kasoro zake, hatashtukizwa siku ya mwisho.

Saa za kazi ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, na mapumziko ya saa moja mchana, na Jumamosi ni saa mbili hadi saa saba. Jumla yake ni saa 45 kwa wiki, ambazo ndizo kikomo cha kawaida katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini. Wakati wa mavuno kazi huzidi, na atakayekubali kubaki atalipwa malipo ya saa za ziada kama sheria hiyo inavyoelekeza. Kwa kuwa kazi yetu ni ya hatari, sitaweza kumpokea aliye chini ya umri wa miaka 18.

Kuhusu usalama, naomba vijana waambiwe kabla hawajafika kwamba hatuna mzaha. Mtu anayechomelea kwa miwani ya jua hulala usiku macho yakimwasha kama yamejazwa mchanga, na akirudia mazoea hayo anayaharibu kabisa. Karakana itatoa helmeti ya kuchomelea, glavu za ngozi, ovaroli na viatu vigumu kwa kila mmoja, bila kuwakata fedha. Grinda haiwashwi ikiwa imeondolewa kinga ya diski, hata kwa kazi ya dakika moja, na mabomba ya mabati huchomelewa nje penye hewa baada ya kuondolewa zinki mahali pa kiungo, kwa sababu moshi wake huleta homa. Ambaye hawezi kufuata hayo ni afadhali asije, maana siwezi kumrudisha kijana kwa mama yake akiwa amepungukiwa kidole au jicho.

Wasichana waliosomea fani hizi naomba sana wapendekezwe sawa na wavulana. Tunacho choo cha wanawake na chumba cha kubadilishia nguo kinachofungwa kwa ndani. Nimewahi kufanya kazi na fundi mwanamke wa lezi katika karakana nyingine, na usahihi wa vipimo vyake ulikuwa wa kuigwa na sote tuliokuwapo.

Ili kuchagua kwa uadilifu, napendekeza chuo kitupe majina kati ya sita na manane, pamoja na maoni mafupi ya mwalimu wa fani juu ya kila mmoja. Maoni hayo nitayapa uzito kuliko cheti chenyewe, kwa sababu mwalimu ndiye aliyemwona kijana akiwa amekosea, na anajua kama alirudia kazi au aliificha. Siku ya Jumamosi, tarehe 14 Februari 2026, kuanzia saa tatu asubuhi, tutawapokea wote hapa karakanani kwa jaribio la vitendo. Wachomeleaji wataunganisha vipande viwili vya chuma cha milimita 6, na wa ufundi mitambo watapima na kukereza kipande cha shafti kwa mchoro watakaopewa. Vifaa vyote vitakuwa vyetu, na kila atakayefika atarudishiwa nauli, awe amechaguliwa au la. Ningefurahi sana mwalimu mmoja akija nao, asimamie pamoja na fundi wetu na kutia saini matokeo.

Kama utaratibu wa uanagenzi wa VETA unahitaji fomu maalumu, daftari la kumbukumbu za kazi au ziara za mwalimu kukagua maendeleo, tunayakubali yote, na mlango wetu uko wazi kwa ziara hizo bila kutoa taarifa mapema. Jambo jingine ambalo huenda likawafaa: tunazo rota, gia na nyumba za beringi zilizoharibika ambazo kwa kawaida huuzwa kama chuma chakavu. Mkizihitaji kwa kufundishia, nitawawekea bure, kila moja ikiwa na maelezo ya chanzo cha kuharibika kwake. Mwanafunzi akishika mkononi shafti iliyokatika anaelewa upesi kwa nini tunasisitiza vipimo.

Naomba kupata jibu ifikapo Ijumaa, tarehe 30 Januari 2026, hata likiwa ni la kusema kwamba kwa sasa hamna wahitimu wa fani hizo, ili nami nijue namna ya kujipanga kabla ya mavuno. Barua hii inaletwa kwa mkono na msimamizi wetu wa kazi, ambaye anaweza kujibu maswali na kuacha namba za simu za karakana katika ofisi yako. Iwapo utapenda tuzungumze ana kwa ana, nitafika chuoni siku na saa utakayonipangia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mmiliki,
Karakana ya Vyuma na Mashine za Nafaka,
Uyole, Mbeya.

Nakala: Mwalimu wa fani ya uchomeleaji na uungaji vyuma, Mwalimu wa fani ya ufundi mitambo.