Mwongozo wa diski za akiba za ofisi ya shule: lebo, zamu na majaribio ya kila mwezi

Mwongozo huu ni wa karani wa ofisi, mwalimu wa taaluma na mhasibu. Ubandikwe ndani ya mlango wa kabati la chuma, usikae ndani ya kompyuta, kwa sababu siku tutakayouhitaji sana huenda kompyuta ndiyo imekufa.

Niseme kwanza kwa nini ninasisitiza kujaribu. Katika shule niliyofundisha zamani, nakala zilikuwa zinafanyika kila mwezi bila kukosa. Siku moja akaja kijana aliyehitimu, anaomba uthibitisho wa alama zake kwa ajili ya ajira. Kompyuta ilikuwa imeshakufa, tukaichukua diski tukiwa na amani kabisa. Tulipoifungua, kila faili lilikuwa na ukubwa wa KB 1 au 2, na kwenye pembe ya picha yake kuna kamshale kadogo. Aliyekuwa akinakili alikuwa anachukua njia za mkato zilizopo kwenye skrini, na mafaili yenyewe hayakuwahi kuguswa. Miaka yote ile hakuna aliyefungua hata moja kuangalia. Yule kijana aliondoka mikono mitupu, na sura yake sijaisahau.

Lebo

Tuna diski nne za nje, kila moja ya TB 1. AKIBA-1 ni nyekundu, AKIBA-2 kijani, AKIBA-3 bluu, na AKIBA-4, ya njano, ni ya mwaka. Rangi peke yake haitoshi, maana wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani, kwa hiyo namba iandikwe kubwa.

Bandika lebo kwenye mwili wa diski, si kwenye mkoba wala boksi lake. Mikoba hubadilishana. Andika kwa kalamu ya maka isiyofutika: namba, mwezi na mwaka wa kununuliwa, na maneno "Mali ya shule". Juu yake pitisha selotepu pana ili jasho la mikono lisifute wino. Usiandike "Alama za wanafunzi" wala "Mishahara". Hayo ni kumwelekeza mwizi. Waya wa kila diski nao upewe utepe wa rangi ileile.

Kisha ipe jina hilohilo ndani ya Windows: bofya diski kwa kitufe cha kulia, chagua `Rename`, andika `AKIBA-1`. Jina la kwenye skrini likitofautiana na la kwenye lebo, simama hapo hapo uulize kabla ya kunakili chochote.

Zamu

AKIBA-1 ni ya Januari, Aprili, Julai na Oktoba. AKIBA-2 ni ya Februari, Mei, Agosti na Novemba. AKIBA-3 ni ya Machi, Juni, Septemba na Desemba. AKIBA-4 hutumika mara moja tu, Desemba, alama za mwaka zikishafungwa. Kisha hutiwa kwenye bahasha yenye lakiri na kupelekwa ofisi ya Afisa Elimu Kata.

Siku yetu ni Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa nane mchana. Mwaka huu wa 2026, Ijumaa ya kwanza ya Aprili ni Ijumaa Kuu na ya Mei ni Mei Mosi, kwa hiyo miezi hiyo tutafanya Alhamisi yake, tarehe 2 na tarehe 30 Aprili.

Wakati wote diski moja ya mwezi inakaa kwenye kabati la ofisi, na mbili zinakaa nyumbani kwa Mkuu wa Shule, ng'ambo ya uwanja wa mpira. Ijumaa hiyo unaileta yenye zamu kutoka kwa Mkuu. Ikishafaulu majaribio, inabaki ofisini, na ile ya mwezi uliopita inakwenda kwa Mkuu jioni hiyohiyo. Ukifuata hivyo, hata ofisi ikiungua moto, nakala haitapungua moja salama. Diski mbili zisichomekwe kwa wakati mmoja hata mara moja: umeme ukirudi kwa kishindo, au virusi vinavyofunga mafaili na kudai fedha vikiingia, vitakula zote mbili.

Kunakili

Waombe wote wafunge Excel na programu ya hesabu, maana faili lililo wazi huweza kurukwa. Chomeka diski, angalia imepewa herufi gani. Kama ni E, fungua `Command Prompt` uandike hivi, ukibadilisha mwezi tu:

```
robocopy D:\OFISI E:\2026-03 /E /R:2 /W:5 /LOG:E:\2026-03.txt /TEE
```

Mtu akikushauri uongeze `/MIR`, kataa. Hiyo hufuta upande wa diski kila kilichofutwa kwenye kompyuta, pamoja na kile kilichofutwa kwa bahati mbaya. Folda za miezi ya nyuma ziacheni. Kwa GB 38 tulizonazo sasa, nafasi ipo ya miaka kadhaa.

Mwishoni litatokea jedwali. Tazama safu ya `FAILED`: iwe 0 mstari kwa mstari. Ikiwa si 0, soma majina ya mafaili yaliyokataa, yafunge, urudie.

Kujaribu

Hapa pasiharakishwe. Iondoe diski kwa `Safely Remove Hardware`, ichomoe kabisa, halafu ichomeke upya. Usipoichomoa, kompyuta yaweza kukusomea kilicho kwenye kumbukumbu yake badala ya kilicho kwenye diski. Kisha linganisha faili moja muhimu:

```
fc /b D:\OFISI\TAALUMA\kidato4.xlsx E:\2026-03\TAALUMA\kidato4.xlsx
```

Jibu tunalotaka ni `FC: no differences encountered`.

Baada ya hapo, peleka diski kwenye kompyuta ya maktaba. Fungua mafaili matatu ya mwezi huu: moja la taaluma, moja la ada, moja la barua zilizoskaniwa. Fungua na moja la folda ya zamani zaidi iliyomo. Kufungua maana yake ni kusoma: chagua mwanafunzi mmoja, linganisha alama zake na karatasi iliyo kwenye jalada. Diski zimefungwa kwa BitLocker, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatutaka tulinde habari za watoto hawa. Kwa hiyo siku hiyo nenosiri nalo linajaribiwa. Ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48 umechapishwa na upo kwenye sefu ya Mkuu, mbali na diski. Ukimaliza, usiache nakala ya faili lolote maktaba.

Daftari

Andika kwenye kaunta buku, kwa wino, namna hii:

"6/3/2026. AKIBA-3. GB 38. FAILED 0. Fc sawa. Mafaili manne yamefunguliwa maktaba, alama za mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili zimelingana. AKIBA-2 imepokelewa na Mkuu saa 10:20 jioni." Saini mbili: aliyenakili na aliyejaribu. Wasiwe mtu mmoja.

Diski ikitoa mlio wa kugongagonga, ikianguka, au faili lolote likikataa kufunguka, usiiendeleze wala usiifomati. Bandika karatasi yenye "MBOVU" na tarehe, nakili upya siku hiyohiyo kwenye diski ya zamu inayofuata, unipigie simu. Diski yoyote ikitimiza miaka mitano tangu tarehe iliyo kwenye lebo, iombewe mbadala kwenye bajeti hata kama bado inafanya kazi. Flashi hazihesabiwi kuwa akiba.

Mwalimu wa TEHAMA