Mama yangu ameanza Kidato cha Kwanza

Huyo aliyesimama na tranka la buluu ni binti yangu wa kwanza. Ana jina la mama yangu mzazi, ndiyo maana tangu azaliwe sijawahi kulitamka jina lake, namwita mama. Leo mchana nimemkabidhi bwenini hapa Lindi. Picha kaipiga mama mmoja aliyetoka Nachingwea, naye kamleta wa kwake. Mungu ambariki, maana mimi mikono ilikuwa haitulii.

Wateja wangu wa Newala mtaniona hapo pembeni na futi kamba shingoni. Nilitoka nayo nyumbani saa kumi alfajiri. Nimeivua sasa hivi, nimekaa kitandani gesti, gari la kurudi ni kesho.

Hiyo sketi nimeishona mwenyewe. Kwenye fomu ya kujiunga waliandika marinda, urefu uvuke goti. Pindo la kawaida mimi huacha inchi moja na nusu. Hili nimeacha inchi tatu, na sikulipitisha kwenye cherehani, nimelishonea kwa mkono ili asipate tabu kulifumua. Wiki iliyopita nilimkalisha dukani nikamwonyesha: unaanzia kwenye mshono wa ubavuni, unakata uzi kwa ncha ya wembe, unavuta taratibu, unapiga pasi, unashona upya. Alirudia mara mbili, ya pili ikanyooka kuliko nilivyotarajia kwa mtoto wa miaka 13. Kwenye tranka nimemwekea sindano tatu, uzi wa rangi ileile na vifungo vitano vya shati.

Nina daftari gumu la vipimo, wateja wa siku nyingi mnalijua. Ukurasa wa mwisho ni wake. Januari 2019, darasa la kwanza: kiuno 20, urefu 16. Alikuwa anacheka futi ikimgusa tumboni, nikalazimika kupima mara tatu. Kila Januari tumeongeza mstari. Mwaka 2023 alipanda inchi tatu kwa mkupuo, sketi yake ya zamani ikaenda kwa mdogo wake ikiwa bado mpya. Mwaka huu: kiuno 25, urefu 27. Safari hii alisimama kimya, akanyoosha mgongo, akasema, "Baba, andika na tarehe."

Amesomea chini ya meza yangu ya kukatia vitambaa huyu. Mchana akitoka shule anaingia humo na madaftari, vipande vya tetroni vinamwangukia kichwani, hasikii. Jioni taa ya sola ikianza kufifia anasogea karibu na mlango. Sikumsaidia hesabu, sikuwa na uwezo huo. Nilichoweza ni kutowasha redio. Desemba majina ya waliochaguliwa yalipotoka, mteja mmoja alikuwa na simu yenye bando, akatafuta shule yetu, akashusha orodha kwa kidole. Jina la mama yangu likatokea, na mbele yake shule ya bweni. Cherehani ilikuwa inakwenda, nikaiacha mguu juu.

Ada ya sekondari iliondolewa tangu 2016, tunashukuru. Lakini orodha ya mahitaji ni ndefu: godoro, chandarua, shuka mbili, ndoo mbili, jembe, fagio, rimu ya karatasi, kufuli, nguo za kazi, na sweta, ingawa Lindi joto lake mnalijua. Kwetu Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana neno. Mjomba wake alisubiri fedha za mnada wa korosho ziingie benki, akaja na tranka kichwani, akaliweka mlangoni na kusema, "Hili ni la kwangu, shemeji, mengine ni ya kwako." Hakukaa hata kunywa maji. Shemeji, nimeliona leo likiingia bwenini, limepangwa la tatu kutoka dirishani.

Mke wangu hakuja, ana mtoto wa miezi miwili. Aliniaga na neno moja tu: "Ukilia mbele yake, hatalala wiki nzima." Nikaahidi.

Tulipanda kosta ya alfajiri, ukungu wa Newala bado umelala barabarani. Mama alikaa dirishani. Tulipofika Masasi kubadilisha gari kulishapambazuka, akatazama ile milima ya mawe mpaka ikapotea nyuma. Ndanda, Mtama, njia nzima nilikuwa namuuliza namba yangu ya simu, maana huko simu hairuhusiwi, mtoto akitaka kupiga anatumia ya matroni mwisho wa juma. Ananitajia yote. Nikinyamaza kidogo namuuliza tena. Mara ya nne akaniambia, "Baba, hata usingizini naijua." Mingoyo tuliposimama nilimnunulia samaki wa kukaanga, akala nusu, nusu akanirudishia akisema ameshiba. Hakuwa ameshiba. Namjua.

Kisha ikaja bahari. Yeye ni mtoto wa uwanda wa juu, maji mengi aliyowahi kuyaona ni mto Ruvuma kwa mbali, tukiwa tumesimama ukingoni pale Shimo la Mungu. Gari lilipoingia Lindi akaona ghuba yote na Kitunda ng'ambo, akanishika mkono. Alikuwa hajanishika mkono tangu darasa la tano.

Sasa niseme lililonifanya niandike haya yote. Wa umri wangu mnakumbuka shida ya maji ya Newala tulipokuwa wadogo. Mama yangu mzazi alikuwa anaamka usiku, anateremka bondeni na mtungi, anarudi jua limeshachomoza, shingo imekaza. Maji hayo ndiyo niliyonawa uso kwenda shule. Yeye shule hakuiona. Kila karatasi iliyomhusu, ya zahanati, ya chama cha ushirika, alikuwa anachovya dole gumba kwenye wino na kubandika. Baadaye analifuta kwenye khanga kwa muda mrefu, kuliko wino wenyewe ulivyohitaji. Alifariki 2011. Huyu akazaliwa mwaka uliofuata.

Leo pale ofisini mwalimu wa zamu akasogeza daftari la mapokezi, akasema, "Mwanafunzi aandike jina lake kamili mwenyewe." Binti akainama, akaandika. Herufi zimesimama vizuri, kalamu haikukwama. Nikamwangalia mama yangu akiandika jina lake.

Hapo ndipo ahadi ilipoanza kunishinda. Nikatoka nje, nikajifanya nahesabu mizigo. Ndoo mbili, jembe, godoro. Ndoo mbili, jembe, godoro.

Ukaguzi wa tranka ulifanyika barazani. Matroni ni mtu mzima, ana sauti ya taratibu, nilimpenda. Aliigeuza sketi upande wa ndani, akalitazama lile pindo, akauliza nani kashona. Mama akajibu haraka kabla yangu, "Baba yangu, ni fundi." Akaitamka fundi kama mtu anavyotaja daktari. Matroni akafika kwenye kopo la korosho alizokaanga bibi mzaa mama, pamoja na ming'oko ya kuchemsha. Vyakula haviingii bwenini, ndiyo sheria, na ni haki kwa sababu ya panya na siafu. Nikanyoosha mkono nirudi navyo. Mama akaniomba dakika moja. Akafungua kopo, akapita kwenye foleni ya wasichana asiowajua hata mmoja, akamimina kila kiganja kidogo kidogo, ming'oko akaigawa kwa kuikata vipande. Kopo lilipobaki tupu akanipa. Wakati anarudi, wawili walikuwa wanamfuata wakiongea naye.

Bibi, kopo lako ninalo. Korosho wamekula watu wa Liwale, Ruangwa na Kilwa.

Muda wa wazazi kuondoka ukatangazwa. Nilikuwa nimepanga maneno: soma, sali, heshimu wakubwa, ukiumwa sema mapema usingoje, usimwazime mtu nguo ya ndani wala ndoo ya kunywea. Nikayasahau yote. Nikaona kwenye pindo la sketi kuna uzi umechomoza. Nikapiga goti nikaushika, nikaukata kwa meno, nikaendelea kubaki pale chini nikilizungusha pindo lote, mshono kwa mshono, kichwa nimekiinamisha. Sijui nilikaa muda gani. Chozi lilidondokea kwenye kiatu chake cheusi nilichokipiga rangi jana usiku, nikalifuta kwa kidole gumba kama ninayefuta vumbi.

Akaniwekea mkono kichwani. Akasema, "Inuka, baba. Utaachwa na gari."

Mama yangu mzazi naye alikuwa ananiita baba. Ndivyo alivyoniambia 1996 nilipokwenda Masasi kujifunza ushonaji, kwa sauti hiyohiyo ya kunifukuza kwa upole: utaachwa na gari, baba.

Nikainuka. Akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba, sauti ikatoka vizuri, namshukuru Mungu kwa hiyo moja. Hakulia. Alishika kipini kimoja cha tranka, msichana mmoja wa wale wa korosho akashika cha pili, wakaenda. Mlangoni aligeuka akanyoosha kidole kwenye shingo yake, nami nikadhani anaaga kwa namna yao ya kisasa. Kumbe alikuwa ananionyesha futi kamba.

Nayaandika hapa kwa sababu hana simu, hatayaona. Mke wangu atayaona. Mke wangu, mbele yake sikulia, nilikuwa chini.

Wana Lindi, mtoto wenu huyo. Mkimkuta sokoni siku ya ruhusa mtamtambua kwa marinda, hakuna mwenye marinda makali kama yake. Wazazi wa Newala mliokuwa mnasubiri sare, duka nitafungua keshokutwa asubuhi, za wavulana ziko tayari, zimebaki vifungo.

Mama, Juni ukifunga shule, kabla hujasalimia mtu simama pale mlangoni pa duka. Nikupime, niandike na tarehe.