Bajeti ya Kampeni ya Sare za Shule: 9 Novemba 2026 hadi 9 Januari 2027

Shangazi, shikamoo. Hii ndiyo bajeti uliyoniambia niiandike kabla hatujagusa hela ya duka. Jumla ni shilingi 1,200,000. Nimeipanga kwa hesabu za daftari letu, na mahali nilipokisia nimesema.

Nianze na cherehani. Tuna mafundi watano, kila mmoja anamaliza seti tatu kwa siku, siku sita kwa wiki: seti 90. Kampeni ni wiki tisa. Ukitoa siku za Krismasi na Mwaka Mpya, na siku za umeme kukatika, nahesabu wiki nane kamili. Kwa hiyo uwezo wetu wote ni seti 720. Msimu uliopita tuliuza 410, na zaidi ya nusu ziliagizwa Januari, wiki ya mwisho kabla ya shule. Ndiyo maana tulifukuza wateja. Yule mama wa Mlali bado namkumbuka, amesimama pale kaunta saa kumi na moja jioni, fomu ya kujiunga mkononi, mtoto anasafiri kesho asubuhi. Kitambaa cha bluu kilikuwepo kabatini, mashine zote zilikuwa na kazi za watu wengine. Alirudi stendi ya Msamvu mikono mitupu. Tangazo zuri kuliko yote lisingemsaidia, kwa sababu lingemleta siku ileile.

Kwa hiyo kampeni hii inamtafuta mzazi wa Novemba. Hela inatoka mapema, na kila tangazo linasema jambo moja: lete mtoto apimwe sasa, lipa kianzio cha 25,000, chukua sare Desemba. Kianzio hicho ndicho kitakachonunua kitambaa, tusikope.

Seti moja (mashati mawili, sketi au suruali moja, sweta moja) tunauza 55,000. Kitambaa, vifungo, ufundi na sweta vinakula 38,000. Inabaki 17,000, na hiyo ndiyo niliyopigia hesabu zote hapa chini, siyo bei ya kuuzia. Nahesabu kwamba wateja 400 watakuja wenyewe kama kawaida. Kampeni inatakiwa kuleta seti 240 za ziada. Jumla 640, nafasi ya seti 80 inabaki kwa mashine kuharibika na nguo za kurudiwa.

| Njia | Gharama | Seti za ziada | Faida kabla ya tangazo | Inayobaki |
|---|---|---|---|---|
| WhatsApp kwa wateja wa zamani | 210,000 | 60 | 1,020,000 | 810,000 |
| Mzazi kumleta mzazi | 100,000 | 50 | 850,000 | 750,000 |
| Facebook na Instagram | 210,000 | 45 | 765,000 | 555,000 |
| Bajaji yenye spika | 170,000 | 35 | 595,000 | 425,000 |
| Redio | 300,000 | 30 | 510,000 | 210,000 |
| Bango na vipeperushi | 110,000 | 20 | 340,000 | 230,000 |
| Akiba | 100,000 | 0 | 0 | -100,000 |
| Jumla | 1,200,000 | 240 | 4,080,000 | 2,880,000 |

Tukiuza seti 71 za ziada, hela yote ya kampeni imerudi. Hata tukipata nusu tu ya lengo, yaani 120, kamisheni ya mzazi anayemleta mwenzake nayo inapungua kwa nusu, na tunabaki na 890,000.

WhatsApp ndiyo nguzo. Tuna namba 580 daftarini, na 190 kati yake ni za wazazi ambao msimu uliopita hawakurudi. Hao ndio ninaowataka. Vipimo vya watoto wao tunavyo, kwa hiyo sitawatumia tangazo la jumla. Nitaandika hivi: "Shikamoo mama, mwaka juzi tulimshonea binti yako sketi ya kiuno inchi 24. Ameshakua, mlete Jumamosi tumpime upya bure." Mtu akiona duka linakumbuka kiuno cha mwanawe, anajibu. Bando ni 60,000 kwa miezi miwili, na 150,000 ni soksi jozi 100 kwa watakaowahi kulipa kianzio kabla ya 30 Novemba. Soksi zikiisha, zimeisha.

Mzazi kumleta mzazi hatulipi mpaka mteja mpya amalize deni lake. Hapo aliyemleta anatumiwa 2,000 kwa simu kwa kila seti. Hela hii haiwezi kupotea, ndiyo maana ina faida kubwa kuliko zote kwa kila shilingi.

Facebook na Instagram ni 7,000 kwa siku, siku 30. Tangazo lionekane Manispaa ya Morogoro tu, na kitufe kipeleke moja kwa moja WhatsApp ya duka. Nitapiga picha za mishono kwa karibu, hasa pindo la sketi tunaloliachia inchi mbili ili literemshwe mtoto akirefuka. Mzazi analipenda pindo lile kuliko picha ya mtoto anayetabasamu.

Bajaji itazunguka Kihonda, Mazimbu na Mafiga Jumamosi nne: 14 na 21 Novemba, 5 na 12 Desemba. Kila siku 35,000, kibali kikiwa humo, na kurekodi sauti 30,000. Bango na vipeperushi 500 sina mengi ya kusema, ila vipeperushi vigawiwe Soko Kuu la Chifu Kingalu, siyo getini kwa shule ambako watoto wanavitengenezea ndege.

Redio najua unaipenda, Shangazi, na una sababu: wazazi wa Mlali na Mikese hawatatuona Instagram. Lakini ndiyo ghali kuliko zote na inarudisha kidogo, shilingi 1.7 kwa kila shilingi moja. Naomba tusiilipie sasa. Majina ya kidato cha kwanza kwa kawaida hutoka Desemba. Jumatatu ya 14 Desemba tukae na daftari. Kama mashine zina nafasi, tununue matangazo 15 ya 20,000. Kama oda zimejaa, hiyo 300,000 ibaki mfukoni, maana tutakuwa tunawaita watu tutakaowafukuza.

Kuhusu punguzo la 5,000 kwa kila seti alilopendekeza shemeji: kwa seti 640 ni shilingi 3,200,000, zaidi ya mara mbili na nusu ya kampeni yote, na nyingi tungewapa waliokuwa wanakuja hata hivyo. Sikuliweka.

Malipo: Novemba 518,000, Desemba 482,000 redio ikiwemo. Kamisheni inalipwa kadiri wateja wanavyomaliza, na akiba haiguswi bila wewe kusema.

Kila mteja mpya ataulizwa "umetusikia wapi?" wakati anapimwa, na jibu liandikwe kwenye safu mpya daftarini pembeni ya vipimo. Kila Jumamosi jioni nitajumlisha. Njia itakayokula nusu ya hela yake bila kufikisha robo ya seti zake, tunaisimamisha na kilichobaki kinahamia WhatsApp.

Kabla ya Ijumaa tarehe 6 Novemba nahitaji kwako mambo mawili: hiyo 518,000, na uzungumze na mafundi wakubali kulipwa kwa seti kuanzia Novemba, wasisubiri Januari.