Mada: Mwani wa Jumamosi – kilo 60 nilizoandika ni za mkavu

Assalaam alaykum Bi Mwanaisha,

Ahsante kwa jibu la jana. Kosa ni langu: Jumatatu niliandika "kilo 60 za mwani" bila ya kusema mbichi au mkavu, na huko Paje unaotoka shambani hupimwa mbichi. Ulivyofahamu ndivyo nilivyoandika.

Nilikusudia kilo 60 za mkavu, wa kusaga unga wa sabuni. Kilo 60 mbichi zikikauka hazifiki hata 10.

Uliokwishavuna usiutupe wala usiulete mbichi. Uanike juu ya chanja, siyo chini. Mchanga ukiingia kwenye unga, sabuni hukwaruza ngozi (na mashine yetu haiupendi). Mvua ikinyesha ufunike kwa turubai. Jua likiwa zuri, siku 2 au 3 zinatosha.

Nitauchukua wote kwa bei ya mkavu tuliyokubaliana. Uliobaki kufikia kilo 60 za mkavu ulete kidogo kidogo mpaka mwisho wa mwezi. Gari ya Jumamosi nimeisogeza hadi Jumatano, saa 3 asubuhi; gharama ya mabadiliko ni juu yangu.

Niambie tu: umeshavuna kilo ngapi mbichi?

Wako,
Salma