Punje moja: najitambulisha ndani ya dakika

Nimeandika haya kwa mkono nyumbani kwetu Kadutu. Wiki hii nina nafasi tatu za kusema mimi ni nani, na sitaki kupoteza hata moja. Jumanne ni mahojiano ya kazi ya mwonjaji katika ushirika wa wakulima wa kahawa hapa Bukavu. Alhamisi jioni ni mkutano wa wafanyabiashara, hotelini karibu na ziwa. Jumamosi, waombaji watatu tutakaobaki tutasimama mbele ya wakulima wenyewe, kila mmoja dakika moja. Mdogo wangu ameshika simu anahesabu sekunde.

Jumanne, mbele ya jopo (sekunde 56)

Jambo Mama Mwenyekiti, jambo ninyi wote mlioketi. Naitwa Furaha Mapendo.

(Naweka punje moja ya kahawa mbichi mezani. Nanyamaza kidogo, waitazame.)

Punje hii ni nzuri. Lakini kwa macho, hakuna kati yetu anayeweza kuapa kwamba haina ladha ya kiazi. Ikiwa nayo, mtu ataijua siku itakaposagwa: harufu ya kiazi kibichi, na kikombe kizima kimekufa. Kazi yangu ni kuikuta hapa Bukavu, mnunuzi asije akaikuta kwake.

Nimeonja kahawa miaka minne. Msimu uliopita niliona kiazi kinarudi kila mara katika mifuko ya kilima kimoja. Nilipanda kilima hicho. Tulianza kuelesha matunda kwenye maji, na akina mama wakatoa kwa mkono yaliyotobolewa na kunguni wa kahawa, mdudu anayefungulia kiazi mlango. Tulikuwa na vikombe 6 vibaya katika 100; tulimaliza msimu na 1.

Natafuta mahali ambapo ninachoonja Jumatatu, mkulima atakisikia kabla ya Jumapili. Aksanti.

Haya hayakuja mara ya kwanza. Mwanzo nilikuwa nimepanga kila kitu tangu shule ya msingi: mwaka, shule, diploma, mafunzo, tena mafunzo. Nilipomaliza, mdogo wangu aliniuliza, "Yaya, unaomba kazi gani?" Nilifuta karatasi nzima. Diploma wanayo kwenye faili, wataisoma wenyewe. Punje hawana.

Nimefuta pia neno "mchapakazi". Kupanda kile kilima kunatosha.

Wakisema, "Sawa, Furaha, na ukiambiwa kahawa ya ndugu yako ni mbaya?", jibu liko tayari, fupi: Vikombe vyangu vina namba, havina majina. Ninayeonja sijui ni vya nani mpaka nimemaliza kuandika.

Alhamisi, hotelini, watu wamesimama na sahani mkononi (sekunde 40)

Habari ya jioni, Papa. Naitwa Furaha, naonja kahawa. Yako inatoka upande gani, Kalehe au Ijwi?

(Namwacha ajibu. Sizungumzi juu ya mdomo wake.)

Basi niletee gramu 350 za mbichi. Kwanza nazimwaga kwenye meza nahesabu punje zenye kasoro. Kisha nachoma sampuli, naipumzisha usiku mmoja, kesho yake naonja vikombe vitano. Sionji kimoja tu, kwa sababu kiazi kinajificha: vinne vinaweza kuwa safi na cha tano kikanuka. Ukitoka kwangu unajua kama kahawa yako inafika alama 80, ambapo wanunuzi wa kahawa maalumu huanza kusikiliza, au kama inahitaji kazi zaidi kwenye kituo cha kuoshea. Nikikuta kiazi nakwambia. Nipe namba yako, Papa, nikuandikie leo usiku nikueleze jinsi ya kuchukua sampuli: kidogo kutoka kila mfuko, si wote kutoka mfuko wa juu.

Pale hotelini punje sitaitoa. Kelele ni nyingi, na mtu aliyeshika samaki kwa mkono mmoja na soda kwa mwingine hana pa kuipokea. Swali la kahawa yake ndilo punje yangu ya siku hiyo. Kila mfanyabiashara niliyekutana naye anajua kilima cha kahawa yake kama anavyojua mtaa wa mama yake.

Na nikikutana na mtu mlangoni, anaondoka, gari linamsubiri:

Mama, dakika ni zako, mimi nachukua sekunde kumi. Naitwa Furaha, natafuta punje mbovu katika kahawa ya Kivu kabla haijapanda meli. Naomba nikupigie kesho.

Jumamosi, kwenye kituo cha kuoshea, mbele ya wakulima (sekunde 58)

Hii nimeiandika mara tano. Jopo linaweza kunipa kazi, lakini watu hawa ndio watakaoamua kama maneno yangu yatafika shambani. Nitasema Kiswahili cha nyumbani, taratibu, na sitashika karatasi. Mezani kutakuwa na vikombe, kila kimoja na gramu 8.25 za kahawa iliyosagwa, na birika jikoni.

Jambo yenu, bamama na bapapa. Naitwa Furaha, mtoto wa Ijwi.

Babu yangu alilima kahawa miaka arobaini. Alijua kukata matawi, alijua mvua, alijua bei ya mtu wa mtumbwi aliyevusha kahawa usiku kwenda Rwanda. Wengine waliovuka hawakurudi, ziwa liliwachukua. Babu alikufa hajawahi kunywa kikombe kimoja cha kahawa yake mwenyewe. Aliiuza kama mtu anayeuza barua asiyoweza kuisoma.

Mimi nimejifunza kuisoma. Mama akichuma tunda lililoiva, jekundu kote, ninalionja. Akichanganya na ya kijani, ninaionja pia. Kunguni akitoboa tunda likiwa bado mtini, mara nyingine ninakutana na kazi yake kwenye kikombe. Mnachuma karibu kilo 6 za matunda ili kupata kilo 1 ya kahawa ya kuuza. Sitaki kilo hiyo ishushwe bei na mtu wa mbali, na nyinyi msiambiwe kwa nini.

Nikipewa kazi hii, kila mwezi wa mavuno nitakuja hapa na majibu, kilima kwa kilima.

Pale kwenye "ziwa liliwachukua" sauti yangu ilikatika mara mbili usiku wa jana. Mdogo wangu alisema niiache ikatike. Nimekubali, ila nimeandika kwa kalamu nyekundu pembeni: pumua, tazama mama aliye mstari wa mbele, endelea.

Birika litakuwa limechemka wakati huo. Nitaliacha kidogo lishuke moto, nimwage maji, tungoje dakika nne pamoja mpaka povu lipande juu. Kisha nitampa kijiko mkulima mzee kuliko wote aliye pale, na nitasema la mwisho:

Papa, anza wewe. Hii ni ya kilima chako.