Barua kwa Mjomba kuhusu kifungu cha mshahara

Doha, Qatar

Shikamoo Mjomba,

Nimeisoma picha ya mkataba wa mdogo wangu. Kifungu cha 4 kinachokutia wasiwasi kinasema kwamba mshahara wa msingi ni riali 1,000, ambacho ndicho kima cha chini kisheria hapa tangu Machi 2021, na kwamba riali 500 za malazi na 300 za chakula zitalipwa tu iwapo mwajiri hatampa nyumba na chakula. Kwa kuwa kifungu cha 5 kinaahidi vyote viwili, asitarajie 1,800, hata wakala aseme nini. Picha imekata mstari wa mwisho, unaoanza na neno “makato”. Nakuomba sana asitie sahihi kabla sijausoma.

Mpwa wako,
Rashidi